Kutoka daftari la maumivu ya kichwa hadi ukurasa mmoja wa daktari: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya ni ya mtu anayeumwa kichwa mara kwa mara, ambaye ameshakuwa anaandika kila siku jinsi anavyojisikia, na sasa ana miadi na daktari. Nimechagua kichwa kwa makusudi. Kipandauso hakionekani kwenye kipimo cha damu wala kwenye picha. Daktari anakitambua kwa maelezo ya mgonjwa, kwa hiyo maelezo yakiwa shaghalabaghala, uamuzi nao unayumba.

Nimejaza daftari zima. Kwa nini nisimpe daktari asome lenyewe?

Mpe kama atalitaka, lakini usitegemee alisome. Nje ya mlango kuna foleni, na muda wako pale ndani ni dakika chache ambazo ndani yake lazima pia akupime na aandike. Tena daftari linaeleza siku moja moja, wakati yeye anatafuta jinsi miezi ilivyokwenda. Tazama mfano huu wa siku moja, wa aina ninayokutana nayo mara nyingi:

"Jumanne. Nimeamka nacho, upande wa kushoto, kinadunda. Nimemeza viwili saa 1, viwili tena saa 8. Nimetapika chai. Cherehani sikuigusa, mwanga wa dirishani ulikuwa unanichoma macho. Wifi alikuja kudai nguo zake, tukajibizana. Nimelala mpaka magharibi."

Ni maandishi mazuri. Yana karibu kila kitu: upande, namna ya maumivu, kutapika, kuchukia mwanga, kazi iliyosimama, dawa. Lakini ukiwa na siku 80 za namna hii, hakuna mtu atakayeona kwa jicho tu kwamba mwezi wa tatu ni tofauti na wa kwanza. Hiyo ndiyo kazi ya ukurasa mmoja. Wifi atabaki kwenye daftari.

Nianzie wapi?

Usianze kwa kuandika muhtasari. Anza kwa kuchora visanduku. Chukua karatasi, chora safu nne zenye visanduku saba kila moja, yaani wiki nne, siku 28. Fanya hivyo mara tatu ukiwa na kumbukumbu za wiki 12, au mara mbili ukiwa na za wiki nane. Chini ya wiki nane mpangilio huwa haujatulia vya kutosha kusomeka. Tumia wiki nne nne badala ya miezi ya kalenda, kwa sababu Februari na Machi hazilingani kwa siku, na utakuwa unalinganisha vitu visivyolingana.

Sasa pitia daftari siku moja moja, na kila kisanduku ukijaze hivi. Kwanza namba ya ukali: 0 ikiwa kichwa hakikuuma, 1 ikiwa kiliuma lakini ulifanya kazi zako zote, 2 ikiwa kazi ilipungua, 3 ikiwa ulilazimika kulala au kuacha kila kitu. Kisha herufi: D kama ulimeza dawa yoyote ya maumivu siku hiyo, A kama uliamka nacho asubuhi, H kama ulikuwa kwenye hedhi. Jumanne ile ya juu inakuwa 3DA. Hiyo tu.

Ngazi nne za ukali zinatosha. Watu hupenda kujipa alama kati ya 0 na 10, halafu leo 6 ni mbaya kuliko 7 ya wiki iliyopita, na hata mwenyewe hakumbuki alimaanisha nini. Kazi uliyoshindwa kuifanya hukumbukwa vizuri zaidi.

Kile kinachouma kidogo tu nacho nikihesabu?

Ndiyo, na hapa ndipo hesabu nyingi zinapoharibika. Mgonjwa akiulizwa kichwa kinamuuma mara ngapi kwa mwezi, hujibu "mara nne", akimaanisha zile nne zilizomlaza. Siku kumi nyingine za kichwa kizito ameshazizoea hadi hazihesabu. Kwa daktari, kichwa cha siku nne na kichwa cha siku 14 ni habari mbili tofauti kabisa.

Kuna swali moja linalosaidia kuzinasa siku hizo: siku ngapi katika wiki nne hizi kichwa kilikuwa safi kabisa, toka asubuhi mpaka kulala? Hesabu hizo, kisha ondoa kwenye jumla ya siku ulizoandika. Mara nyingi jibu humshangaza mwenyewe.

Kwa nini mnasisitiza siku za dawa badala ya idadi ya vidonge?

Kwa sababu dawa ya maumivu ikitumika siku nyingi mno, yenyewe inaweza kuanza kukiendeleza kichwa kwa mtu ambaye tayari ana kipandauso au aina nyingine ya maumivu ya kichwa. Kinachohesabika hapo ni siku. Kwa vigezo vya kimataifa vya kuainisha maumivu ya kichwa, toleo la 2018, hali hiyo hufikiriwa mtu anapoumwa kichwa siku 15 au zaidi kwa mwezi, huku kwa zaidi ya miezi mitatu akiwa anatumia dawa kupita kiasi. Dawa za kawaida zenye kiungo kimoja, kama paracetamoli, ibuprofeni au diklofenaki, kiasi hicho ni siku 15 au zaidi kwa mwezi. Dawa za mchanganyiko, zenye kodeini au tramadoli, na dawa maalumu za kipandauso za jamii ya triptani, ni siku 10 tu.

Kwa hiyo anayemeza viwili viwili kwa siku 12 ana jambo la kuzungumza na daktari, hata kama vidonge vyake kwa siku ni vichache kuliko vya jirani aliyemeza sita kwa siku moja kali kisha akakaa wiki mbili bila. Idadi ya vidonge nayo ina nafasi yake, lakini kwa sababu nyingine: mtu mzima hatakiwi kupita gramu 4 za paracetamoli kwa saa 24, yaani vidonge vinane vya miligramu 500, na ini ndilo linaloumia akizidisha. Ukiona kwenye daftari siku uliyopita hapo, iandike kwenye ukurasa kwa sentensi moja.

Dawa nilipewa kwenye kibahasha, sijui inaitwaje. Niandikeje?

Hili ni la kila siku. Unaomba "dawa ya kichwa" dukani, unakatiwa vidonge vinne, unaondoka. Kwenye daftari unaandika "nimemeza viwili", na kwenye ukurasa panakuwa na pengo mahali panapohitajika zaidi, kwa sababu kama ulivyoona, siku 10 au siku 15 inategemea ni dawa gani.

Rudi dukani uombe kuonyeshwa boksi, kisha nakili viungo vilivyoandikwa kwa herufi ndogo chini ya jina la biashara. Vidonge vingi vya kichwa vinavyouzwa kwetu bila cheti ni mchanganyiko wa aspirini, paracetamoli na kafeini, na wanunuzi wengi hudhani ni panadoli yenye jina lingine. Kama pakiti bado unayo, kata kipande chenye maandishi ukibane kwenye ukurasa kwa stepla. Ukishindwa kabisa kujua, andika "kidonge cheupe cha dukani, jina halijulikani". Usibahatishe.

Dawa za mitishamba nazo ziandikwe, kwa jina unalolijua wewe na siku ulizotumia. Usizifiche kwa kuogopa kusemwa.

Karatasi iliyokamilika inaonekanaje?

Huu ni mfano wa kutunga, wa yule mshonaji wa Jumanne, kwa mpangilio ninaoupendekeza:

> Mwanamke, miaka 34, mshonaji. Kipindi: 3 Machi hadi 25 Mei (wiki 12). Siku zilizoandikwa: 81 kati ya 84.
>
> Kilichonileta: Kichwa ninacho kwa miaka 6. Miezi mitatu hii siku za kuumwa zimeongezeka.
>
> Wiki 1–4 (siku 26 zilizoandikwa): kichwa siku 10, kati ya hizo kikali siku 5. Nimeamka nacho siku 2. Dawa siku 8.
> Wiki 5–8 (siku 28): kichwa siku 13, kikali siku 4. Nimeamka nacho siku 5. Dawa siku 12.
> Wiki 9–12 (siku 27): kichwa siku 16, kikali siku 5. Nimeamka nacho siku 9. Dawa siku 15.
>
> Kikiwa kikali: upande mmoja, mara nyingi kushoto, kinadunda, natapika au nasikia kichefuchefu, mwanga na kelele vinanisumbua, nikitembea kinazidi. Hukaa kuanzia asubuhi hadi usiku, mara mbili kilifika siku ya pili.
> Kikiwa cha kawaida: kizito, kichwa kizima, bila kutapika. Nafanya kazi.
> Kabla ya kuanza: sioni mimweko wala mistari machoni, mwili haufi ganzi.
> Hedhi: kikali kilikuja ndani ya siku mbili kabla au siku tatu za mwanzo, mizunguko 2 kati ya 3.
>
> Dawa: mchanganyiko wa aspirini, paracetamoli na kafeini, viwili kwa mara moja: siku 6, kisha 11, kisha 14. Paracetamoli peke yake: siku 2, 1, 1.
> Magonjwa mengine: pumu tangu utotoni. Sina mimba. Situmii uzazi wa mpango wa homoni.
> Vipimo: presha 128/82 (Aprili) na 124/80 (Mei). Malaria mara mbili, hakuna.
>
> Ninachotaka kujua: Kwa nini siku zinaongezeka? Kuna dawa ya kuzuia kisianze?

Soma mistari mitatu ya wiki kama atakavyoisoma daktari. Siku kali hazijaongezeka: 5, 4, 5. Kilichoongezeka ni siku za kawaida, kutoka 5 hadi 9 hadi 11, na zimepanda sambamba na siku za dawa na asubuhi za kuamka nacho. Picha hiyo inamfanya afikirie dawa zenyewe kabla hajafikiria kuongeza dawa nyingine. Mgonjwa angesema tu "kichwa kimezidi sana", huenda angetoka na dawa kali zaidi ya maumivu na tatizo likakua.

Tazama pia kwamba wiki nne za kwanza dawa ya mchanganyiko ilikuwa siku 6, chini ya 10. Miezi mitatu ya vigezo bado haijatimia. Ndiyo maana karatasi haisemi "nina kichwa cha dawa". Inaonyesha namba na mwelekeo, na daktari anaamua.

Neno "pumu" nalo si pambo. Propranololi ni mojawapo ya dawa zinazotumika sana kuzuia kipandauso, na mwenye pumu kwa kawaida hapewi kwa sababu inaweza kumbana kifua. Neno hilo moja linabadilisha anachoandikiwa.

Kwa nini mistari ya machoni iulizwe hata kama sina?

Kwa sababu "sina" ni jibu, na ukikaa kimya daktari hawezi kujua kama huna au hukuandika. Baadhi ya wenye kipandauso, kabla kichwa hakijaanza, huona mimweko au mistari ya msumeno inayosambaa taratibu, au hufa ganzi mkono na upande wa uso, kwa dakika 5 hadi 60. Mwanamke mwenye dalili hizo hashauriwi kutumia vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni, maana hatari ya kiharusi huongezeka. Kama unazo dalili hizo na unameza vidonge hivyo, mistari hiyo miwili ikae juu kabisa ya ukurasa, pamoja.

Kuna siku sikuandika. Nizijaze kwa kukumbuka?

Hapana. Kisanduku kiache wazi, na juu ya ukurasa taja siku zilizoandikwa kati ya siku zote. Sifuri na kisanduku kitupu ni vitu viwili. Kuna hali mbili za kawaida: wapo wanaoacha kuandika wakiwa wazima, na wapo wanaoacha wakiwa hoi kwa sababu hawawezi kushika kalamu. Ukijua wewe ni wa kundi gani, liseme ("siku 3 zilizokosekana nilikuwa nimelala"), kwa sababu maana yake inageuka kabisa. Kama zimekosekana zaidi ya wiki moja katika wiki nne, kipindi hicho usikilinganishe na vingine.

Daftari lililojazwa lote jioni ya kuamkia miadi hujulikana, kwa njia. Wino mmoja, maneno yaleyale, na kila siku ina 2.

Vitu vinavyokichochea niviandike vyote?

Andika viwili au vitatu ambavyo vimejirudia kwenye visanduku vyako, si vile ulivyosikia. Jaribu namna hii: kama unadhani kukosa usingizi ndiko kunakokiamsha, hesabu siku ulizolala vibaya, kisha uone ngapi zilifuatwa na kichwa. Halafu fanya lile ambalo watu hawalifanyi: hesabu siku ulizolala vibaya kichwa kisiume. Ikiwa mara 9 kati ya 10 kilifuata, iandike. Ikiwa ni 4 kati ya 10, na siku ulizolala vizuri ni karibu vilevile, iache.

Kumbuka pia kwamba kipandauso huweza kutanguliwa na miayo, shingo kukaza au hamu kubwa ya kula kitu fulani, saa nyingi kabla ya maumivu. Mtu anatamani kitu kitamu, anakula, kichwa kinaanza, na lawama inakiangukia chakula.

Niandike ugonjwa ninaodhani ninao?

Uweke mwisho, kama swali au hofu: "Naogopa ni uvimbe, mjomba alikuwa nao." Hiyo inamsaidia daktari kujua amjibu nini mgonjwa wake. Usiuweke juu kana kwamba umeshathibitika. "Nina presha ya kichwa" ni kauli ninayoisikia sana, na mara nyingi presha ikipimwa iko sawa. Badala ya jina, andika namba na tarehe ya kupimwa. Vivyo hivyo malaria: taja ni lini ulipimwa na majibu yalikuwaje. "Nilikunywa dawa ya malaria mara tatu" bila kipimo nayo ni habari, iandike hivyohivyo.

Saa niandike za Kiswahili au za simu?

Uwe na mtindo mmoja na utaje sehemu ya siku. "Saa 2" kwenye daftari ni asubuhi kwako, lakini ukichanganya na programu ya simu inayoandika 02:00, msomaji ataona mtu anayeamshwa na kichwa usiku wa manane, na hilo humpeleka kwenye mawazo mengine kabisa. "Asubuhi", "mchana" na "usiku wa manane" yanatosha kwenye ukurasa.

Kuhusu lugha, andika kwa Kiswahili chako. "Kinadunda", "kinabana kama kamba", "kinachoma" ni maelezo bora kuliko istilahi uliyoiokota mahali.

Ni dalili gani zisizotakiwa kusubiri ukurasa wala miadi?

Nenda hospitali sasa hivi ikiwa kichwa kimelipuka ghafla na kufikia kilele ndani ya dakika moja. Ikiwa kuna homa na shingo kukakamaa. Ikiwa mkono, mguu au uso upande mmoja umelegea, au maneno hayatoki. Ikiwa kuna degedege, kuchanganyikiwa au usingizi usio wa kawaida. Ikiwa umegonga kichwa. Au ikiwa una mimba au umejifungua karibuni na kichwa kimekuja kikali, hasa na macho kuona ukungu.

Mengine si ya kukimbizana usiku, lakini hayavumilii miadi ya mbali, na kwenye ukurasa yakae mstari wa kwanza: kichwa kipya kilichoanza baada ya miaka 50, kinachozidi ukilala chali au ukikohoa, au kichwa kipya kwa mtu mwenye saratani. Mwenye virusi vya Ukimwi akipata kichwa kipya kinachozidi siku hadi siku, aende kituoni siku hiyohiyo hata bila homa, kwa sababu homa ya uti wa mgongo ya fangasi inaweza kuanza polepole hivyo.

Namwandikia mama yangu. Kuna tofauti?

Moja tu ya maana: tenganisha alichosema na ulichoona. "Mama anasema kinauma kisogoni" na "nimemwona akishika ukuta anapotembea" ni mistari miwili. Na andika jina la undugu wako naye juu, ili daktari ajue amuulize nani.

Daktari akiiweka pembeni bila kuisoma?

Hutokea. Msomee wewe mistari mitatu ya wiki, kwa sauti, kabla hajauliza la pili: "Daktari, kwa wiki nne za mwisho kichwa kimeniuma siku 16, na dawa nimemeza siku 15." Namba mbili hizo hupita hata penye haraka. Kisha omba karatasi ibaki kwenye faili, wewe ukiwa na nakala au picha ya simu.

Nikishaona namba zangu, niache dawa mwenyewe kabla ya miadi?

Usianze peke yako, hasa kama kuna kodeini au tramadoli. Kichwa huwa kinazidi siku za mwanzo za kuacha, kwa wengine hata wiki kadhaa, na mtu asiyejulishwa hurudi dukani siku ya tatu. Daktari anaweza kupanga namna ya kuacha na cha kushikilia katikati.

Baada ya miadi niendelee kuandika?

Endelea na visanduku tu, insha si lazima. Anza kipindi kipya cha wiki nne siku uliyoanza dawa mpya, na uandike juu yake jina la dawa na kipimo. Dawa za kuzuia kipandauso hupimwa baada ya wiki 8 hadi 12 kwenye kipimo kinachofaa, kwa hiyo kwenye miadi ijayo utapeleka ukurasa uleule, safari hii ukiwa na mistari ya kabla na mistari ya baada.